Kikundi Kinapomwajiri Mtu: Kujiandikisha NSSF na Kuwaandikisha Wafanyakazi Vizuri

(Maneno ya mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, jinsi yalivyosemwa)

Tumeombwa tuongee juu ya jambo ambalo limesumbua vikundi kadhaa tulivyotembelea, nalo ni hili la NSSF, yaani ule mfuko wa taifa unaoweka akiba ya mfanyakazi mpaka azeeke. Hatutasema kila kitu kinachohusu mfuko huo. Tutasema tu kile ambacho mwenyekiti, karani na mweka hazina wanapaswa kufanya siku kikundi kinapomwajiri mtu, na pale mahali ambapo wengi hujikwaa.

Kwanza tuelewane: je, kikundi chenu ni mwajiri? Wengi hujibu haraka, "Hapana, sisi ni kikundi tu, mwajiri ni kampuni." Si hivyo. Ukiwa na mtu mmoja unayempa kazi, unampangia saa za kuingia na kutoka, na mwisho wa mwezi unamlipa mshahara, wewe ni mwajiri. Wazee mtakumbuka kwamba zamani waajiri wadogo wenye wafanyakazi chini ya watano waliachwa nje. Hiyo imepita. Sheria inayotumika sasa ni ile ya mwaka wa 2013, nayo inasema mfanyakazi mmoja anatosha. Ilikaa mahakamani miaka mingi, ikaanza kutekelezwa Februari 2023, na ndiyo maana watu wengi wanaiona kama kitu kipya.

Lakini tusitishane. Wanachama wanaopokezana zamu ya kuuza maji kwenye kioski bila mshahara si wafanyakazi. Fundi mnayemwita kuziba paipu iliyopasuka, akaja na vifaa vyake, akamaliza, akalipwa, akaenda, huyo ana biashara yake mwenyewe. Mlinzi wa usiku anayelipwa kila mwezi ni mfanyakazi. Anayeendesha mashine ya posho ni mfanyakazi, hata kama ni mwanachama wenu, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti. Na yule mnayemwita kibarua lakini amekuja kazini kila siku tangu Krismasi, huyo jina la kibarua limemwacha zamani. Sheria ya ajira ya mwaka wa 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, hahesabiwi tena kama kibarua.

Jambo la umri pia. Wanaoandikishwa kwa lazima ni wale waliotimiza miaka 18 na ambao hawajafika 60. Tunasema hivi kwa sababu vijijini walinzi wengi ni wazee. Mlinzi wenu akiwa na miaka 63, msimkate. Angalieni tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa tuchukue mfano mmoja tufuatane nao. Ni kikundi cha kina mama chenye mashine ya posho na kioski cha maji. Kimeajiri watu watatu. Wa kwanza anaendesha mashine, mshahara wake shilingi 15,000. Wa pili ni mlinzi wa usiku, 12,000. Wa tatu ni msichana wa kioski, 10,000. Mashine ilianza kusaga mwezi wa Machi.

Kikundi hiki kinapaswa kuanza wapi? Kisianze na wafanyakazi. Kianze na chenyewe. Ni lazima mwajiri apate nambari yake ya mwajiri kwanza, ndipo wafanyakazi waingizwe chini yake. Karatasi zinazohitajika ni zile ambazo kikundi kilichopangwa vizuri tayari kinazo sandukuni: cheti cha usajili wa kikundi, PIN ya KRA ya kikundi, na anwani na simu inayopatikana. Angalieni hapo kwenye PIN. Tunasema PIN ya kikundi, si ya mwenyekiti. Tumeona mahali mwenyekiti alitumia yake kwa sababu ya haraka, basi kwenye vitabu vya NSSF mwajiri akawa ni yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata kikundi kikachagua mwenyekiti mwingine, na yule wa kwanza akawa bado anapokea madai ya mashine ambayo haimhusu tena. Kama kikundi hakina PIN, kiombe KRA kwanza. Ni bora kuchelewa siku chache kuliko kuanza vibaya.

Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti. Mkiwa mnajulikana sokoni kwa jina moja na cheti kina jina lingine, fuateni cheti.

Uandikishaji wenyewe hufanywa kwenye tovuti ya NSSF, nssf.or.ke, au mwende ofisi ya tawi lao. Huko tawini watawasaidia wale ambao kompyuta ni jambo geni. Wengi wenu mtaenda kwa kijana wa saiba, na si vibaya, lakini tafadhali anwani ya barua-pepe itakayowekwa iwe ya kikundi, na neno la siri liandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za kikundi. Kuna vikundi ambavyo barua-pepe yao ni ya kijana wa saiba, na kijana ameshahamia Mombasa.

Mkishapata nambari ya mwajiri, sasa ndiyo zamu ya wafanyakazi. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu hupotelea.

Mfanyakazi akija, swali la kwanza la karani lisiwe "lete kitambulisho." Swali la kwanza liwe, "Umewahi kuajiriwa mahali?" Yule mlinzi wa mfano wetu ana miaka 47. Alipokuwa kijana alifanya kazi miaka sita kwenye shamba la mkonge, akarudi nyumbani. Wakati ule alikatwa NSSF kila mwezi na alipewa kadi. Kadi iko wapi? Labda imeliwa na mchwa. Lakini nambari yake bado iko na pesa zake bado ziko, kwa sababu nambari ya NSSF ni ya mtu, si ya kazi. Mtu ana nambari moja tu maisha yake yote, abadilishe mwajiri mara kumi.

Karani asipouliza, atamwandikisha upya kama mtu asiyejulikana. Mara nyingine mtambo utakataa kwa sababu nambari ya kitambulisho iko tayari, na hiyo ni bahati nzuri. Lakini wale walioandikishwa zamani, wengine wakati ule maelezo yao yaliandikwa kwa mkono, jina likaandikwa tofauti, au nambari ya kipande ikakosewa. Basi mtambo hautamtambua na utatoa nambari ya pili. Sasa mlinzi ana nambari mbili. Ya kwanza ina akiba ya mkonge, ya pili ina akiba ya kikundi chenu. Akifika miaka 60 akaenda kudai, ataonyeshwa ile ya pili peke yake. Na kama amefariki mapema, ni mke wake atakayekwenda, naye huenda hajui hata kwamba mume aliwahi kufanya kazi kwenye mkonge. Nani atamwambia?

Kwa hiyo mkiwa na mtu aliyewahi kuajiriwa, msiingie kwenye tovuti. Mtumeni yeye mwenyewe kwa ofisi ya NSSF na kitambulisho chake cha asili, aeleze mahali alipofanya kazi na miaka gani, wamtafutie nambari yake ya zamani. Kama atakuwa na karatasi yoyote ya wakati ule, barua ya kuajiriwa, karatasi ya mshahara, aende nayo. Mkigundua kwamba ameshapewa nambari mbili, ofisi inaweza kuziunganisha, lakini ni rahisi zaidi akiwa hai na ana meno ya kujieleza kuliko wakati mwingine wowote.

Yule msichana wa kioski ni tofauti. Amemaliza shule juzi, hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Yeye anaandikishwa upya, kwa kitambulisho chake. Majina yaandikwe kwa mpangilio ule ule wa kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kinasema Wanjiru, msiandike Wanjiku kwa sababu ndivyo mlivyozoea kumwita. Kisha nambari ya kitambulisho isomwe na mtu mmoja kwa sauti na mwingine aangalie kwenye kioo cha kompyuta. Tunajua inaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini tarakimu moja ikipinduka, 34 ikawa 43, pesa za huyu msichana zitaingia kwa mtu mwingine, au zitakaa tu pale bila mwenyewe.

Mkishamaliza, kila mfanyakazi aandikiwe nambari yake kwenye karatasi aende nayo nyumbani, na karani aiandike kwenye daftari la mishahara kando ya jina lake.

Haya, sasa tuje kwenye hesabu. Mpaka Januari 2023 ilikuwa rahisi: mfanyakazi shilingi 200, mwajiri shilingi 200, imekwisha. Bado tunakuta vikundi vinavyolipa hiyo 400 na kufikiri vimemaliza. Sasa ni asilimia 6 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi, na asilimia 6 nyingine kutoka mfukoni mwa mwajiri.

Kwa mwendesha mashine wa 15,000, asilimia 6 ni 900. Mlinzi wa 12,000 ni 720. Msichana wa 10,000 ni 600. Mkijumlisha mnapata 2,220. Hizo ndizo mnazokata kwenye mishahara yao. Halafu kikundi kinaongeza 2,220 zake. Jumla inayokwenda NSSF kila mwezi ni 4,440.

Kwenye jedwali la malipo mtaona pesa hizi zimegawanywa mafungu mawili, la kwanza na la pili. La kwanza ni la sehemu ya chini ya mshahara mpaka mpaka fulani, la pili ni la sehemu iliyobaki. Mipaka hiyo imekuwa ikipandishwa kila Februari tangu 2023, na kila ikipandishwa watu hushtuka. Kwa mishahara ya vikundi vyetu hakuna haja ya kushtuka. Mpaka wa juu ulikuwa tayari 72,000 mwezi wa Februari 2025, na hatujaona kikundi cha posho kinacholipa mshahara huo. Mpaka wa katikati ukisogea, fungu moja linaongezeka na lingine linapungua, jumla inabaki ile ile ya asilimia 6.

Kuna ujanja mmoja tulioukuta ambao lazima tuuseme wazi. Kikundi kilimkata mlinzi asilimia 12, kikasema, "Yote ni pesa zake, atazipata." Hapana. Sehemu ya mwajiri ni ya mwajiri, na sheria hairuhusu kuitoa kwenye mshahara. Mlinzi wa 12,000 anakatwa 720 tu kwa ajili ya NSSF, anabaki na 11,280, bila kuhesabu makato mengine. Na hayo makato mengine, ile ya afya inayokwenda SHA ambayo ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na ile ya nyumba, ni mambo mengine yenye hesabu zao. Msiyachanganye. NSSF hailipi hospitali.

Kwa hivyo kabla ya kumwajiri mtu, mweka hazina aseme katika mkutano kwamba mlinzi wa 12,000 atagharimu kikundi 12,720 kwa NSSF peke yake. Mkiweka bei ya kusaga debe moja, hesabu hiyo iwe ndani.

Malipo ya mwezi lazima yafike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Karani anajaza jedwali, mstari mmoja kwa kila mfanyakazi: majina, ID NO, KRA PIN, NSSF NO, na GROSS PAY, yaani mshahara wote kabla ya kukata kitu. Wengine huweka hapo pesa alizopokea mkononi, na hilo ni kosa, linapunguza akiba yake. Jedwali likipokelewa kwenye tovuti, linatoa nambari ya malipo inayoitwa UPN. Mnalipa kwa benki au kwa M-Pesa mkitaja nambari hiyo. Ni hiyo UPN inayouambia mfuko kwamba hizi 4,440 ni za watu hawa watatu, kila mmoja na fungu lake. Mkipeleka pesa bila jedwali, mfuko unaona pesa tu, hauoni watu.

Mtajuaje kama imeingia vizuri? Risiti haitoshi. Risiti inaonyesha kwamba kikundi kimelipa, haionyeshi kwamba mlinzi amepata. Baada ya mwezi wa kwanza au wa pili, kila mfanyakazi aombe taarifa ya akiba yake, kwenye tovuti au ofisini. Mlinzi anapaswa kuona 1,440 kwa kila mwezi, 720 zake na 720 za kikundi. Akiona mwezi fulani hakuna kitu, na risiti ya mwezi ule iko, basi kuna tarakimu iliyokosewa kwenye mstari wake. Chukueni risiti, nakala ya jedwali na kitambulisho chake, mwende tawini warekebishe. Jambo hili likifanywa mapema ni rahisi. Likiachwa miaka kumi, karani aliyejaza hayupo, jedwali halipo, na mfanyakazi anabaki kuapa kwa mdomo.

Sasa turudi kwa kina mama wetu. Tulisema mashine ilianza Machi. Tuseme hawakujua haya yote, wakajiandikisha Septemba, na wakalipa madeni tarehe 20 Septemba. Kuna miezi sita nyuma, Machi mpaka Agosti. Sita mara 4,440 ni 26,640. Halafu kuna faini ya kuchelewa, asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Asilimia 5 ya 4,440 ni 222. Malipo ya Machi yalipaswa kufika tarehe 9 Aprili, kwa hiyo yamechelewa miezi mitano na siku kidogo, inahesabiwa sita. Ya Aprili ni mitano, na hivyo hivyo mpaka ya Agosti, mwezi mmoja. Ukijumlisha ni vipande 21, mara 222, unapata 4,662. Zote pamoja 31,302.

Na uchungu wenyewe uko hapa: mishahara ya miezi hiyo sita ilishalipwa yote, bila kukata chochote. NSSF haitamwendea msichana wa kioski kumwambia arudishe 600 za Aprili. Inamdai mwajiri, sehemu zote mbili. Kwa hiyo hizo 31,302 zinatoka kwenye sanduku la kikundi, na huenda ndizo zilizokuwa za kununua mkanda mpya wa mashine. Lakini hata hivyo tunawaambia wajiandikishe Septemba, wasingoje Desemba wakiona aibu, kwa sababu kila tarehe 9 ikipita kila mwezi wa deni unaongezewa 222 nyingine. Kama hawana zote mara moja, waende tawini wenyewe na daftari la mishahara waombe kulipa kidogo kidogo, kabla mkaguzi hajawafikia.

Mfanyakazi akiacha kazi, toeni jina lake kwenye jedwali la mwezi unaofuata na mwandike tarehe aliyoondoka. Mpeni nambari yake ya NSSF kwa maandishi, aende nayo kwa mwajiri mwingine.

Mama wa pale mbele alituuliza kabla hatujaanza: tufanye nini mlinzi akikataa kukatwa, akisema yeye anataka pesa zake zote mkononi? Swali zuri, na tunalisikia mahali pengi. Jibu ni kwamba hana ruhusa ya kukataa, wala kikundi hakina ruhusa ya kumkubalia, hata akiandika barua na kutia kidole gumba. Barua hiyo haitawasaidia mbele ya mkaguzi, deni litabaki lenu. Lakini msimjibu kwa sheria peke yake. Mketi naye, mmwonyeshe kwenye daftari kwamba kwa kila 720 anayokatwa, kikundi kinamwekea 720 nyingine ambayo vinginevyo asingeiona kamwe. Halafu mumuulize kuhusu lile shamba la mkonge. Mlinzi mmoja tuliyemtuma tawini kutafuta nambari yake ya zamani alirudi jioni na karatasi ya akiba iliyokunjwa mfukoni, na tangu siku hiyo ni yeye anayemkumbusha karani kwamba tarehe 9 inakaribia.